Waliolipiwa na waliokuja wenyewe: kulinganisha nani anabaki kwenye video moja

Ukiweka promosheni kwenye video ya YouTube, baada ya siku mbili tatu utaona jambo linalowatia wengi hofu. Watazamaji wamepanda, lakini muda wa wastani wa kutazama umeporomoka, na video uliyoiamini sasa inaonekana kama haina mtu wa kuimaliza. Hapo wengine husitisha promosheni, wengine hukimbilia kuikata video upya, na wengine hujifariji kwamba namba kubwa ya juu ndiyo inayoonekana kwa wateja. Uamuzi wowote kati ya hayo unaweza kuwa sahihi au kosa, na jibu limo kwenye grafu ya kubaki, yaani mchoro unaoonesha ni asilimia ngapi ya watu bado wanatazama kwa kila hatua ya video. Tatizo ni kwamba wengi tunaisoma ikiwa imechanganywa.

Nalinganisha watazamaji wa aina tatu wa video ileile: waliokuja wenyewe, waliolipiwa kwa kurusha tangazo nchi nzima, na waliolipiwa kwa kubana walengwa, yaani kuchagua maeneo na mada za wanaohusika tu. Promosheni ninayoizungumzia ni ile inayowekwa ndani ya YouTube Studio au kupitia Google Ads. Wale wanaouza «view elfu tano kwa bei ya soda» kwenye magrupu siwalinganishi na kitu, kwa sababu pale hakuna binadamu wa kumlinganisha.

Video yenyewe

Tuchukue chaneli ya kijana wa Masasi anayefanya kazi ya kupulizia mikorosho kwa mashine ya mgongoni. Ametengeneza video ya dakika 8 juu ya salfa ya unga na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho kabla hayajashika. Kila mtu wa Newala, Tandahimba au Nachingwea anaujua, na anajua kwamba ukichelewa kupulizia wakati maua yanachipua, msimu wa kuuza utakuwa wa kusikilizia minada kwenye redio tu.

Kitovu cha video kiko dakika ya 4. Hapo anaonesha namna ya kuelekeza bomba ili unga upande hadi kwenye maua ya juu, alfajiri, kabla upepo haujaamka. Yaliyotangulia ni maelezo ya dalili na ya muda wa kuanza. Yanayofuata ni usafi wa mashine, barakoa, na namba ya simu ya kumpata. Kwa hiyo mtu akiondoka dakika ya pili ameondoka bila kitu, na akifika dakika ya 4 amepata alichofuata. Kabla ya kulinganisha chochote, itafute dakika kama hiyo kwenye video yako, kwa sababu ndiyo utakayoitumia kupimia.

Namba zifuatazo nimezitengeneza kwa ajili ya hesabu, zikiwa na umbo linaloonekana mara kwa mara kwenye chaneli ndogo. Tuseme kila promosheni imelipiwa shilingi 60,000, na zote ni za aina moja: picha ya video inatokea kwenye orodha pamoja na picha za video nyingine, na mtu anaibonyeza mwenyewe.

| | Waliokuja wenyewe | Promosheni ya nchi nzima | Promosheni iliyobanwa |
|---|---|---|---|
| Watazamaji | 640 | 2,400 | 1,200 |
| Waliobaki sekunde ya 30 | 70% | 24% | 46% |
| Waliobaki dakika ya 4 | 42% | 10% | 28% |
| Muda wa wastani | 3:36 | 1:02 | 2:28 |
| Wastani wa sehemu iliyotazamwa | 45% | 13% | 31% |

Wastani wa jumla hauelezi kundi lolote

Tuseme kijana wetu ameanza na promosheni ya nchi nzima peke yake. Ukurasa wa mwanzo wa takwimu utamchanganyia watu 640 waliokaa dakika 3 na sekunde 36 pamoja na watu 2,400 waliokaa dakika moja na sekunde 2. Ukizidisha, ukajumlisha, kisha ukagawa kwa watu 3,040, unapata dakika 1 na sekunde 34, yaani asilimia 20 hivi ya video. Hakuna kundi lililokaa muda huo. Waliokuja wenyewe wamekaa zaidi ya mara mbili yake na waliolipiwa wamekaa theluthi mbili tu. Wiki iliyopita mwenye chaneli aliona asilimia 45, leo anaona 20, na anaamini video imekufa. Ukweli ni kwamba watu wake wa mwanzo hawajabadilika hata kidogo, ila wamezidiwa idadi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutenganisha. Ifanye kwenye kompyuta, au fungua Studio kwenye kivinjari cha simu, maana programu ya simu inaonesha kidogo. Ingia kwenye video, kisha `Analytics`, kisha `Engagement`, utaikuta grafu ya `Key moments for audience retention`. Ukifungua ripoti yake kamili utaweza kuigawa kwa aina ya watazamaji, na humo `Organic` inasimama peke yake, mbali na `Paid skippable video ads` na `Paid display ads`. Ukitaka namba tupu bila grafu, fungua ripoti pana, chagua `Traffic source`, na uangalie mstari wa `YouTube advertising` dhidi ya mistari mingine, hasa safu za `Average view duration` na `Average percentage viewed`. Data za kubaki huchukua siku moja au mbili kukamilika, kwa hiyo usihukumu promosheni uliyoianzisha jana jioni. Na kundi lenye watu wachache mno halipewi mchoro. Hata likipewa, watu thelathini si wa kukutoa jasho.

Kwa nini waliolipiwa huondoka mapema

Anayeandika kwenye kisanduku cha kutafutia maneno kama «salfa ya korosho» ameshajiuliza swali kabla hajaiona video yako. Aliyependekezewa na YouTube naye si wa bahati nasibu, kwani mfumo umemchagua kwa sababu watu wanaotazama kama yeye waliwahi kuvumilia video za namna hiyo. Waliokuja wenyewe, basi, wamechujwa kabla ya kufika mlangoni.

Promosheni huchuja kwa kigezo kingine. Ukiiambia kwamba lengo lako ni watazamaji wengi, inatafuta watu watakaobonyeza kwa bei nafuu iwezekanavyo, na wanaobonyeza kwa bei nafuu mara nyingi ni wale wanaobonyeza kila kitu. Tena kwa tangazo la kubonyeza, mtu anahesabiwa kuwa mtazamaji mara video inapoanza kucheza baada ya kubonyeza. Akitoka sekunde ya nne, ameshahesabiwa na umeshalipa.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Lile tangazo linalojichezea lenyewe kabla ya video ya mtu mwingine, lenye kitufe cha kuruka baada ya sekunde 5, lina hesabu tofauti kabisa. Kama video yako ni ndefu kuliko nusu dakika, mtu huyo huhesabiwa akishafika sekunde 30, au akibonyeza kitu kwenye tangazo kabla ya hapo. Aliyeruka sekunde ya sita haingii kwenye idadi. Ukiweka tangazo hilo kando ya tangazo la kubonyeza na kusema «hili linabakisha watu zaidi», umelinganisha gunia lililokwisha kupembuliwa na gunia lililotoka shambani. Linganisha aina moja na aina moja, au usilinganishe.

Kata pengo vipande viwili

Jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: pengo kati ya waliolipiwa na waliokuja wenyewe si moja. Kuna pengo la kabla ya sekunde ya 30 na kuna pengo la baada yake, na kila moja lina maana yake.

Pengo la mwanzo ni gharama ya kumfuata mtu ambaye hakukutafuta. Lipo karibu kila mara, na kwa kiasi kikubwa halihusu ubora wa video. Kwenye jedwali letu, kati ya watu 100 waliokuja wenyewe 70 wanavuka sekunde ya 30, na kati ya 100 wa promosheni ya nchi nzima wanavuka 24. Inatisha kwa macho, lakini wengi wa wale 76 walioondoka ni watu wa Mwanza, Moshi na Mbeya ambao hawajawahi hata kusimama chini ya mkorosho. Kuondoka kwao ni busara.

Pengo la pili ndilo lenye habari. Chukua waliovuka sekunde ya 30 tu, uwaulize ni wangapi kati yao wamefika dakika ya 4. Kwa waliokuja wenyewe ni 42 kati ya 70, sawa na asilimia 60. Kwa promosheni ya nchi nzima ni 10 kati ya 24, karibu asilimia 42. Kwa promosheni iliyobanwa ni 28 kati ya 46, asilimia 61 hivi. Yaani wale waliobanwa, wakishavuka mlango, wanakaa sawasawa na mtu aliyekuja kwa miguu yake. Wale wa nchi nzima wanaendelea kuvuja hata baada ya kukubali kuketi.

Maana yake ni nini? Kama asilimia hiyo ya pili inakaribiana na ya waliokuja wenyewe, video ni nzima na walengwa ni sahihi. Kinachobaki ni kufanyia kazi sekunde za mwanzo, au kuvumilia. Kama iko chini sana, umewanunua watu wasio wako, na hakuna kukata video kutakakowabakisha. Ukiikata ili kuwafurahisha, utawaharibia wale 640.

Ipo hali ya tatu, ambayo grafu mbili zikiwekwa moja juu ya nyingine huionesha kirahisi. Tuseme kuanzia dakika 1:10 hadi 1:40 kijana wetu anasalimia ndugu na kumshukuru mwenye duka la pembejeo. Mstari wa waliokuja wenyewe unashuka hapo, na wa waliolipiwa unashuka hapohapo. Makundi mawili yasiyofanana yakikimbia sehemu moja, kosa ni la sehemu hiyo. Promosheni hapo imekufanyia kazi ya bure, kwa kuwa imekuletea wageni wasio na aibu ya kukukatisha. Salamu zipelekwe mwisho.

Jihadhari na waliokuja wenyewe, nao hudanganya

Tumekuwa tukiwachukulia wale 640 kama kipimo cha haki, lakini kwenye chaneli ndogo si cha haki sana. Mtu akipandisha video Masasi, kitu cha kwanza ni kuitupa kwenye grupu la ukoo, grupu la chama cha msingi, na grupu la waliosoma pamoja. Shemeji ataitazama hadi mwisho hata kama hana shamba. Mjumbe wa chama ataitazama ili akiulizwa awe na jibu. Wote hao wanaingia kwenye hesabu ya waliokuja wenyewe, na wanaipandisha.

Tuseme kati ya 640, watu 260 wametoka kwenye viungo vya WhatsApp na wafuatiliaji wa zamani, na wastani wao ni asilimia 55. Wale 380 waliobaki, waliotokea kwenye `YouTube search` na `Suggested videos`, wastani wao unakuwa asilimia 38, siyo 45. Hao 380 ndio wageni wa kweli, na mgeni aliyelipiwa anapaswa kupimwa kwa mgeni mwenzake. Pengo la promosheni iliyobanwa, lililoonekana kuwa pointi 14 (45 kwa 31), sasa ni pointi 7. Kwa mtu ambaye hakukutafuta, hilo ni pengo dogo sana.

Ndiyo maana namshauri yeyote mwenye video mpya asubiri kwanza. Kama bado hujapata walau mamia machache ya watu kutoka kwenye utafutaji na mapendekezo, huna cha kulinganishia. Ukilipia siku ya kwanza utabaki na grafu moja ya wageni wa kununua na grafu nyingine ya shemeji zako.

Hesabu ya shilingi inavyogeuka

Mwenye chaneli akiangalia bei ya kila mtazamaji, promosheni ya nchi nzima inashinda bila ubishi. Shilingi 60,000 kwa watu 2,400 ni shilingi 25 kwa kichwa. Iliyobanwa ni 60,000 kwa watu 1,200, shilingi 50. Hapo ndipo mtu husema, «Kaka, mbona hii yako ya kubana ni ghali mara mbili?»

Twende sekunde ya 30. Nchi nzima imebakisha watu 576, na kila mmoja amegharimu shilingi 104 hivi. Iliyobanwa imebakisha 552, kila mmoja shilingi 109. Tofauti imekwisha. Twende dakika ya 4, pale bomba linapoelekezwa kwenye maua. Nchi nzima imebaki na watu 240, kila mmoja amekuwa wa shilingi 250. Iliyobanwa ina watu 336, na kila mmoja ni wa shilingi 179 hivi. Ile iliyokuwa ghali mara mbili sasa ni nafuu kwa zaidi ya robo.

Tena wale 336 ni watu wanaoweza kumpigia simu kijana wa Masasi wakamwita shambani. Kati ya wale 240, hujui ni wangapi wana hata mti mmoja. Ukurasa wa promosheni hautakufanyia hesabu hii, kwa sababu wenyewe unaishia kwenye bei ya mtazamaji. Lazima uchukue asilimia kutoka kwenye grafu ya kubaki, uzidishe kwa idadi, kisha ugawe fedha uliyotoa. Ni kazi ya dakika tano na kikokotoo cha simu.

Kubana walengwa kwa vitendo

Promosheni ya ndani ya Studio ni nyepesi kuiwasha, lakini uchaguzi wake wa walengwa ni mpana. Ukitaka kubana zaidi, tumia Google Ads yenyewe, ambako unaweza kushuka chini ya ngazi ya nchi, ukachagua maeneo, lugha, na hata maneno au video ambazo tangazo lako liwekwe karibu nazo. Kwa video ya salfa, kuchagua Mtwara na Lindi ni mwanzo mzuri, ila mahali peke yake hapatoshi. Mtwara mjini kuna watu wengi wa bandarini, wa ofisini na wanafunzi wa vyuo ambao mkorosho wanauona wakipita barabarani tu. Kuongeza maneno yanayohusu korosho, ubwiri unga na pembejeo hupunguza hao.

Kinachobana kwa nguvu kuliko mipangilio yote, kwa maoni yangu, ni kichwa cha video na picha yake ya jalada. Kwa wanaokuja wenyewe tumezoea kutafuta kichwa kinachovuta kila mtu. Kwa tangazo la kubonyeza unalipa kila mtu anapobonyeza, kwa hiyo kichwa kizuri kinapaswa pia kumfukuza asiyehusika. «Ukitaka kutajirika fanya hivi mwezi huu» kitakuletea umati kutoka kila kona, na wote utawalipia. «Salfa ya unga kwenye mikorosho: anza lini, puliza vipi» kitabonyezwa na wachache, na asiye na mkorosho atapita bila kukugharimu. Ukibadilisha kichwa na pengo la sekunde 30 likapungua huku bei ya kila mtazamaji ikipanda, usishtuke. Ndivyo inavyotakiwa.

Na walengwa sahihi si lazima wawe majirani. Mwenye nyumba ya wageni Mikindani, mwenye video ya magofu ya zamani na ufukwe, akibana tangazo lake ndani ya Mtwara atapata watu wanaolala kwao kila siku. Wake wako Dar es Salaam, Arusha na nje ya nchi, na pengo lake apimie kwa wageni wa kutoka huko.

Saa ambazo hazihesabiwi

Wengi wanaolipia promosheni huku kusini wana lengo moja ambalo hawalisemi: kufikisha masharti ya kulipwa na YouTube. Masharti ya kupata mgawo wa matangazo ni wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12, au video fupi kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa zinazotokana na kampeni za matangazo hazimo kwenye zile 4,000.

Rudi kwenye mfano. Promosheni ya nchi nzima imeleta saa 41 za kutazamwa: watu 2,400 kwa sekunde 62. Waliokuja wenyewe wameleta saa 38. Ukurasa wa takwimu utamwonesha saa 79 na atafurahi, lakini zinazomsogeza kwenye zile 4,000 ni 38 tu. Hata promosheni iliyobanwa, ambayo imeleta saa 49 hivi, mchango wake kwenye zile 4,000 ni sifuri. Mtu wa lengo hili asilinganishe promosheni kwa saa kabisa. Fedha hiyo ni bora iwe bando na mafuta ya pikipiki ya kwenda kurekodi video nyingine tatu shambani.

Wafuatiliaji waliopatikana kupitia promosheni wanahesabiwa, na hapo ndipo wengi huhamishia tamaa. Kabla hujafurahia, subiri video inayofuata. Iangalie kwa kuwatenganisha wafuatiliaji na wasio wafuatiliaji. Kama wafuatiliaji wameongezeka kwa mamia lakini watazamaji wafuatiliaji wa video mpya ni walewale wa zamani, umenunua majina. Hii hutokea zaidi kwa promosheni ambayo pengo lake la pili lilikuwa bovu: mtu ambaye hakufika dakika ya 4 safari ya kwanza hana sababu ya kurudi.

Uchague lipi

Kama unauza huduma au bidhaa kwa watu mahususi, lipia promosheni iliyobanwa, na uipime kwa bei ya mtu aliyefika kwenye dakika yako muhimu. Anza na fedha ndogo, kisha angalia asilimia ya waliovuka sekunde 30 wakafika hapo. Ikiwa karibu na ya wageni waliokuja wenyewe, ongeza fedha. Ikiwa nusu yake au chini, acha video kama ilivyo, badilisha walengwa na kichwa.

Promosheni ya nchi nzima ina nafasi yake kwa jambo linalomhusu kila mtu, mathalani mapishi au vichekesho. Hata hapo ningetaka kuona pengo la pili kabla sijaongeza shilingi. Kwa jambo la mikorosho, singeigusa.

Kama lengo lako ni saa 4,000, usilipie.

Na kwa video za msimu, linganisha makundi ya wiki zilezile. Kijana wetu akiwa na waliokuja wenyewe wa Juni, mikorosho inapoanza kuchanua na kila mtu anatafuta salfa, halafu akalipia promosheni Januari wakati watu wamekwisha kuuza na wako kwenye mambo mengine, pengo litakuwa kubwa na halitamwambia kitu kuhusu promosheni. Fedha hiyo aiweke hadi mwishoni mwa Mei. Januari ailipie video ya kupogolea.